Usiangalie ukatili, angalia kisingizio: namna ya kujua muvi ya kutisha inamuonya nani

Mara ya kwanza nimeiona District 9 ilikuwa banda umiza, lile la mabenchi ya mbao na feni moja inayogeuka kama imelazimishwa, na muvi yenyewe ilikuwa imetafsiriwa, yaani kuna jamaa anaongea juu ya sauti za wazungu, anakuelezea kinachoendelea na anakuongezea na ya kwake. Nyinyi mliokulia huko mnajua hawa jamaa hawatafsiri, wanasimulia. Tulivyotoka nje ubishi ukaanza. Mmoja anasema hii ni muvi ya viumbe wa anga basi, watu wanalipuana, mnatafuta nini kingine. Mwingine, huyu alikuwa amefika kidato cha sita na hakuacha mtu asahau, akasema hamjaelewa, hii ni apathaidi, viumbe ni watu weusi, kwisha habari. Tukakubali kwa sababu ndiye aliyesoma. Mimi mwenyewe nimeishi na hilo jibu miaka mingi, nikawa nawaambia na wengine kwa kujiamini kabisa, mpaka siku nimeirudia peke yangu nikaona kuna kitu hakikai sawa.

Nieleze tatizo lenyewe kwanza. Muvi nyingi za aina hii, zile za dunia iliyoharibika na serikali inayokanyaga watu, zina jamii mbili ndani yake na watu wanazichanganya. Kuna jamii ambayo muvi imevaa, kama nguo, na kuna jamii ambayo muvi inaishi humo, yaani mahali na mwaka ilipotengenezwa. Nguo mara nyingi ni historia inayojulikana na kila mtu, Wanazi, Wakomunisti, makaburu, kwa sababu direkta anahitaji uelewe haraka kwamba hawa ni wabaya. Sasa mtazamaji akishaitambua nguo anafurahi, anaona amefumbua fumbo, anaondoka. Wakati anayeonywa ni yule aliyeivaa.

Utajuaje sasa? Njia ninayoitumia mimi ni hii: ukatili wa kwenye muvi usiuangalie sana, maana ukatili unafanana kila mahali, kupigwa ni kupigwa, kuchomewa nyumba ni kuchomewa nyumba, haukuambii uko wapi. Angalia kisingizio. Angalia wale wabaya wa kwenye muvi wanalazimika kusema nini, kusainisha nini, kuvaa nini, ili ukatili wao uonekane ni jambo la kawaida. Kila jamii ina uongo wake inaouhitaji, na uongo wa miaka ya 1950 haufai kwa watu wa 2008. Hapo ndipo muvi inajichoma yenyewe.

Twende na District 9 taratibu basi, ndiyo ninayoijua vizuri. Ilitoka Agosti 2009, direkta ni Neill Blomkamp, mzaliwa wa Johannesburg, 1979, na aliyemshika mkono kama prodyuza ni Peter Jackson. Hadithi inasema mwaka 1982 chombo kikubwa kutoka angani kimekuja kusimama juu ya Johannesburg, hakishuki wala hakiondoki. Watu wakapanda kukata mlango wakakuta ndani viumbe wamejazana, wachafu, wana njaa, wamedhoofu. Wakawashusha, wakawawekea kambi chini ya chombo, kambi ikageuka mtaa wa mabanda, mtaa ukazungushiwa uzio. Miaka 28 inapita, wako milioni 1.8, wenyeji wamechoka, inatoka amri wahamishwe wote wapelekwe District 10, mbali na mji. Kazi anapewa karani mmoja anaitwa Wikus van de Merwe, mpole, mwoga kidogo, anayempenda mke wake, na cheo amekipata kwa baba mkwe.

Nguo ya apathaidi ipo, sikatai. Jina lenyewe tu. Cape Town kulikuwa na mtaa unaitwa District Six, mtaa wa mchanganyiko, Wamalei, makaladi, weusi, Wahindi, wote humo. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ikautangaza kuwa eneo la wazungu, na zaidi ya watu 60,000 wakaondolewa kupelekwa Cape Flats, kwenye uwanda wa mchanga nje ya mji, na nyumba zao zikabomolewa kwa tingatinga. Kwa hiyo ukisikia District 9 na District 10, huhitaji mtu akushike mkono. Na kabla muvi haijatoka, matangazo yake yalibandikwa kwenye mabenchi ya vituo vya mabasi Marekani yakisema hapa ni kwa binadamu tu, hiyo nayo kila mtu anajua imetoka wapi.

Lakini jaribu kuipiga hesabu hiyo tafsiri ya yule jamaa wa kidato cha sita. Kama viumbe ndio watu weusi, je wale watu weusi waliomo kwenye muvi ni nani? Maana wamo, tena wengi. Muvi inaanza kama taarifa ya habari, wanahojiwa watu wa mitaani Johannesburg, na weusi wamo tele, na wanasema nini? Wanasema hawa viumbe waondoke. Wanasema wanaiba, wanakula hela za serikali, wangekuwa wametoka nchi nyingine tungeelewa. Mtu mweusi wa Soweto anasimama mbele ya kamera anataka mwingine atiwe ndani ya uzio. Kwenye apathaidi ya miaka ya 60 huyo mtu hana nafasi hiyo, yeye ndiye aliyekuwa ndani ya uzio. Fumbo likiwa na kipande kimoja hakiingii, usikikate ili kiingie, hicho kipande ndicho kilichobeba jibu. Mimi siku hizi nikiangalia muvi za hivi natafuta kwanza kile kisichoingia.

Na jibu lake lipo, tena Blomkamp mwenyewe amelieleza. Miaka michache kabla ya District 9 alitengeneza kamuvi kafupi kanaitwa Alive in Joburg, wazo ni lilelile, viumbe wamekwama Johannesburg, watu wanahojiwa. Basi wale watu waliohojiwa, wengine hawakuwa waigizaji. Aliwauliza swali la kweli, mnawaonaje Wazimbabwe na Wanijeria wanaohamia hapa, wakajibu kutoka moyoni, na yale majibu akayaweka kwenye muvi kana kwamba wanazungumzia viumbe wa angani. Hakubadilisha neno. Yaani maneno uliyoyasikia ukasema lo, skripti ya huyu jamaa kali, hayakuwa skripti. Ni jirani anamzungumzia jirani.

Sasa rudi kwenye mwaka. District 9 ilipigwa 2008, Chiawelo, ndani ya Soweto, na mabanda unayoyaona yalikuwa mabanda kweli ya watu waliokuwa wanahamishiwa kwenye nyumba za serikali, sio seti ya mbao. Na 2008 Sauzi kulitokea nini? Tarehe 11 Mei vurugu zilianza Alexandra, Johannesburg, watu wakawavamia wageni, Wazimbabwe, Wamsumbiji, Wasomali, na hata Wasauzi wenyewe wanaotoka makabila ya pembezoni, ikasambaa mikoa mingine. Walikufa watu 62. Na kati yao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Hiyo namba ya mwisho ikae kichwani, maana inaonyesha mgeni alivyokuwa anatambuliwa. Hakuna aliyekuwa anaangalia pasi ya mtu kwanza. Wanakusimamisha wanakunyooshea kiwiko, wanakuuliza hii kwa Kizulu inaitwaje. Jibu ni indololwane. Sasa kiwiko ni neno la nani? Mtu anaweza kukaa nchi ya watu miaka kumi, akajua kununua, kutongoza, kugombana, kusali, na bado siku hiyo neno la kiwiko lisije. Na Mshangaan au Mvenda ambaye ni raia kabisa naye huenda halijui, ndiyo hapo unaelewa wale 21 walivyopatikana.

Sauzi wana neno la kumdhalilisha Mwafrika mgeni, makwerekwere, na linaelezwa kwamba limetokana na sauti, yaani wakikusikia unaongea lugha yako wao wanasikia kwerekwere kwerekwere tu, kelele. Ukishalijua hilo, rudi kwenye muvi uwasikilize wale viumbe. Wanaongea kwa milio, kugugumia na kubofya koo, na kwenye skrini tunawekewa maandishi ya chini. Wikus anawaelewa, amekaa nao kazini miaka, lakini yeye hawajibu kwa heshima hata siku moja, na wenzake wanaona ile ni milio ya mnyama. Watengenezaji wangetaka wangewapa sauti ya roboti au Kiingereza kizito kama muvi nyingine. Wamewapa kelele. Na wamewapa jina la kamba, kamba wa baharini, ambalo kwa mtu wa Johannesburg lina ziada yake, maana kuna mdudu mkubwa wa bustanini kule, aina ya nyenje, wanamuita kamba wa Parktown na watu wanamchukia kweli. Huyo ni mdudu wa nyumbani kwao, anayeingia jikoni, hajatoka angani.

Sasa tuje kwenye kisingizio nilichosema, hapa ndipo pananifurahisha kuliko pote. Kuna kipande Wikus anapita mlango kwa mlango na kibao chake cha karatasi, nyuma yake askari wenye bunduki, juu helikopta, na anachotaka ni saini. Anagonga banda, kiumbe anatoka, Wikus anamwambia kwa sauti ya mtu wa benki, hii ni notisi ya kuhama, naomba uweke alama hapa. Mmoja anakasirika anaipiga ile karatasi kwa mkono, alama inabaki, na Wikus anageuka kwa kamera anafurahi, anasema hiyo inahesabika kuwa saini. Banda zima tulicheka. Halafu anafika kwa kiumbe aliyepewa jina la Christopher Johnson, ambaye yeye anaisoma ile notisi, anasema hii sio halali, mnatakiwa kunipa saa 24. Wikus kwanza anashangaa kwamba huyu anasoma, halafu anaangalia huku na huku, anamuona mtoto, anasema hapa mazingira sio mazuri kwa mtoto, itabidi ustawi wa jamii wamchukue. Kwa sauti ileile.

Jiulize, saini ya nini? Una bunduki, una helikopta, unaogopa nini mpaka uhitaji mchoro wa kiumbe ambaye hata unaamini hana akili? Makaburu hawakuhitaji. Tarehe 9 Februari 1955 walipokwenda kuwahamisha watu Sophiatown, Johannesburg hapohapo, walikwenda alfajiri na polisi kama 2,000 wenye silaha, siku kadhaa kabla ya tarehe waliyokuwa wameitangaza, watu wakapakiwa kwenye malori wakapelekwa Meadowlands. Hakuna aliyeombwa ridhaa. Na mtu aliyejenga banda kwenye kiwanja sio chake, sheria ya 1951 ya kuzuia uvamizi wa ardhi, ilivyokuja kurekebishwa baadaye, ilikuwa inaruhusu aondolewe na banda livunjwe bila hata kumpitisha mahakamani. Serikali ile ilikuwa inadanganya, ndiyo, lakini uongo wake ulikuwa wa aina nyingine, ilisema kila kabila liishi kwake, ni kwa faida yenu. Haikuhitaji kujifanya umekubali.

Anayehitaji karatasi ni serikali iliyokuja baada ya 1994. Katiba mpya ya Afrika Kusini, ya 1996, kifungu cha 26, inasema huwezi kumtoa mtu kwenye makazi yake bila amri ya mahakama iliyotazama mazingira yote. Ikaja sheria ya 1998 juu yake, hiyo inataka mtu apewe notisi ya maandishi angalau siku 14 kabla shauri halijasikilizwa. Ni sheria nzuri kabisa, imeandikwa na watu waliokuwa wanakumbuka Sophiatown. Sasa nchi yenye sheria nzuri kama hii ikitaka kufukuza watu inafanyaje? Inatafuta saini. Inachukua karani mpole asiye na chuki na mtu, inampa kibao cha karatasi. Wikus hawezi kuishi 1966, hana kazi ya kufanya kule. Yeye ni zao la nchi ambayo ina haki za binadamu kwenye makaratasi na helikopta juu ya mabanda, zote kwa pamoja, na ukishamuona hivyo muvi nzima inahama kutoka kwa makaburu inakuja kwa watu waliokuwa wanaitazama kwenye majumba ya sinema 2009.

Ndio maana kwenye muvi anayehamisha watu ni kampuni, wala sio serikali yenyewe. Wanaiita MNU, magari yake meupe ukiyaona haraka unadhani ni Umoja wa Mataifa. Hii nayo watu wanaipita wanasema aah, mabepari. Lakini ukimuuliza mtu wa Johannesburg nani anakuja kuvunja mabanda atakuambia ni wale vijana wa ovaroli nyekundu, kampuni binafsi inayokodishwa kwa kazi hiyo, mitaani wanawaita siafu wekundu. Mara nyingi vijana wenyewe ni masikini hohehahe wanalipwa vibarua vya kuvunja nyumba za masikini wenzao. Na wale askari wa MNU, wazungu wa makamo wanaopenda kazi yao kupita kiasi, nao wana mizizi. Apathaidi ilipokaribia kuisha kulikuwa na wanajeshi wengi wa kikosi maalumu ambao hawakuwa na pa kwenda, kukaundwa makampuni, maarufu kuliko yote Executive Outcomes, iliyoanzishwa 1989, ikaja kupigana Angola na Sierra Leone kwa malipo. Kwa hiyo apathaidi imo kwenye muvi, lakini imo namna hii, kama mtu aliyebadilisha ajira. Zamani alikuwa na sare ya taifa, sasa ana kitambulisho cha kampuni na mkataba.

Kuna watu hapa watasema unalazimisha, direkta alitaka tu gari jeupe. Inawezekana. Na hii ni hatari ya kweli ya kazi hii, mtu akishaonja kufumbua mafumbo anaanza kuyaona mpaka kwenye kikombe cha chai. Mimi kipimo changu ni kwamba kitu kimoja peke yake hakinishawishi. Jina la District peke yake linaweza kuwa utani. Ila karatasi, kampuni, kelele za lugha, majibu ya mtaani na mwaka wa 2008, vyote vikielekea mahali pamoja bila kusukumwa, hapo nakubali. Na kinyume chake pia, kama kuna kitu kinavuta upande mwingine lazima ukiseme, usikifiche chini ya mkeka.

Na kipo, tena kikubwa. Wanijeria.

Ndani ya ule mtaa wa viumbe kuna genge la Wanijeria, wanawauzia viumbe chakula cha paka cha makopo kwa bei ya kuua, maana viumbe wanakipenda kama madawa, wananunua silaha zao, wanaendesha ukahaba, na bosi wao anaamini akila mkono wa kiumbe atapata nguvu zake. Bosi huyo anaitwa Obesandjo. Ukilitamka unasikia jina la Olusegun Obasanjo, aliyekuwa rais wa Nigeria mpaka 2007. Septemba 2009 waziri wa habari wa Nigeria wa wakati huo, marehemu Dora Akunyili, alitaka majumba ya sinema ya nchini kwake yaache kuionyesha, na akaitaka Sony, kampuni iliyoisambaza, iombe radhi na iondoe vipande vyenye jina la Nigeria na hilo la rais. Wazungu wengi waliandika kwamba Wanijeria hawajaelewa utani. Mimi naona walielewa vizuri kuliko waandishi hao.

Fikiria. Muvi inayosema angalieni mnavyowafanyia wageni wa Kiafrika, inawaweka wageni wa Kiafrika halisi kwenye hiyohiyo muvi, kwa majina ya nchi yao, na wote ni majambazi, walaji watu na wachawi. Hakuna hata Mnijeria mmoja mwenye duka la simu, hakuna nesi, hakuna mwanafunzi. Yaani kiumbe mwenye mikia ya kamba usoni amepewa mtoto, amepewa akili, amepewa huruma na ahadi ya kurudi baada ya miaka mitatu, na Mwafrika mgeni mwenye sura ya binadamu hajapewa kitu. Kisingizio chote cha wale waliokuwa wanawinda watu Alexandra, kwamba wageni ndio wauza madawa, ndio wachawi, muvi imekibeba yenyewe mgongoni bila kujua. Kwa hiyo ukiulizwa District 9 inaonya jamii gani, jibu langu ni Afrika Kusini ya baada ya Mandela, na kwamba yenyewe ni mfano mmojawapo wa kile inachokionya. Sioni kwamba hilo linaifuta. Fumbo limetengenezwa na mtu wa mahali fulani, na uchafu wa hapo mahali unaingia hata asipotaka.

Kuna na njia moja zaidi ya kupotea niigusie, hii sio ya mtazamaji, ni ya mwenye hela. Wengi hapa tumesoma Shamba la Wanyama, ile tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya 1967, kitabu cha Orwell, na tunakumbuka mwisho wake, wanyama wako dirishani wanachungulia ndani, nguruwe wanacheza karata na binadamu, na kila wakiangalia hawajui tena nguruwe ni yupi na mtu ni yupi. Kitabu kilitoka 1945 na kinamsema Stalin, lakini ule mwisho unawasema wote wawili, nguruwe na mabepari waliokuja kugonganisha glasi naye. Sasa itafute ile katuni ya 1954, iliyotengenezwa Uingereza na Halas na Batchelor. Mwishoni dirishani wanyama hawaoni binadamu, wanaona nguruwe peke yao. Halafu wanaasi kwa mara ya pili wanavamia nyumba. Hela ya katuni hiyo, ilikuja kujulikana baadaye sana, ilitoka CIA kupitia mlango wa nyuma. Basi kila kitu kinajieleza. Ukitoa binadamu mezani, lawama inabaki kwa upande mmoja, na ukiongeza maasi ya pili unakuwa unawaambia watu walio chini ya Moscow kwamba inukeni tena. Wanyama ni walewale, shamba ni lilelile, dakika chache tu za mwisho zimehamisha onyo kutoka kwa watu wa pande zote mbili likaenda kwa mmoja. Kwa hiyo muvi ikiwa imetokana na kitabu, mimi huwa naanzia mwishoni, naangalia kipi kimetolewa mezani na nani alilipia meza.

District 9 yenyewe mwisho wake haukuguswa na mtu hivyo, na haumuiti mtu kuinuka. Viumbe wanahamishwa wote, District 9 inabomolewa, na tunaambiwa District 10 imefika milioni 2.5 na inaongezeka. Wikus kwa wakati huo amegeuka kiumbe kamili, ameketi kwenye jalala anakunja chuma kuwa ua kwa ajili ya mke wake. Na katiba bado ipo, notisi zote zilisainiwa.

Juzi nimemkumbuka yule msimulizi wa kule banda umiza. Miaka yote nilikuwa namcheka kwamba alituharibia muvi, maana wale viumbe hakuwaita kamba wala viumbe wa anga hata mara moja. Toka chombo kimekatwa mlango na wameonekana wale waliojazana gizani, yeye akawaita wazamiaji. Wazamiaji hawa wamefika Sauzi hawana karatasi, ndiyo sentensi yake, na mabenchi yakalipuka kwa kicheko, kila mtu pale alikuwa na kaka au mjomba aliyezamia bondeni kwa malori na mguu. Kwenye ule ubishi wa nje hakuna aliyelikumbuka hilo neno.